Nusumaisha halisi: iodini-131 hukaa siku ngapi kwenye tezi ya shingo?

Iodini-131, dawa yenye mionzi, hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Hiyo ni nusumaisha ya kifizikia, na haibadiliki hata dawa ikiwa ndani ya chupa. Lakini ikishaingia kwenye tezi ya shingo, inapungua kwa njia ya pili pia: tezi huitumia kutengeneza homoni, kisha homoni hiyo humwagwa kwenye damu. Muda ambao nusu ya iodini huondoka kwa njia hii huitwa nusumaisha ya kibiolojia. Njia zote mbili zikifanya kazi pamoja, muda wa mionzi iliyomo kwenye tezi kupungua kwa nusu ndio nusumaisha halisi.

Tuchukue mama kutoka Temeke anayetibiwa Dar es Salaam kwa sababu tezi yake inazalisha homoni kupita kiasi. Tuseme nusumaisha ya kibiolojia kwake ni siku 24. Wengi hukimbilia kutafuta wastani, wakapata 16. Haiwezekani: mionzi peke yake inapungua nusu kwa siku 8, sasa iweje njia ya pili iicheleweshe?

Hesabu siku 24 mbele. Kwa mionzi, iodini imegawanyika nusu mara 3, imebaki 1/8. Kwa mwili, imegawanyika nusu mara 1. Zidisha 1/8 kwa 1/2, unapata 1/16, yaani nusu mara 4 ndani ya siku 24. Basi nusumaisha halisi ni siku 6. Kanuni yake ni hii:

T = (8 × 24) / (8 + 24) = 6

Tezi yenye afya huishikilia iodini muda mrefu zaidi. Ukiweka siku 80 badala ya 24, jibu ni takriban 7.3. Haliwezi kuzidi 8 kamwe.

Kosa linaloleta madhara hutokea kwenye vipimo. Siku ya pili kigunduzi shingoni kinasoma miale 12,000 kwa dakika. Siku ya nane, 6,000. Nusu imeondoka kwa siku 6, sawa kabisa. Lakini mara nyingi shingo hulinganishwa na chupa ya iodini hiyohiyo iliyotengwa tangu mwanzo, na matokeo huandikwa kwa asilimia. Chupa nayo inapoteza mionzi kwa kasi ileile ya nusu kila siku 8, kwa hiyo asilimia inashuka kutoka 60 hadi karibu 50.5 tu. Anayetumia asilimia hizo bila kufikiri atapata siku 24, ambayo ni nusumaisha ya kibiolojia. Kwa kuwa dozi ya mionzi inayopokelewa na tezi hufuata nusumaisha halisi, makadirio yake yatakuwa makubwa mara 4 kuliko ukweli, na mgonjwa anaweza kupewa dawa pungufu.

Vipimo vya saa za mwanzo visiingizwe kwenye hesabu hii, maana wakati huo tezi bado inavuta iodini kutoka kwenye damu.