Je, wajua kwa nini utani wa mpira huchoma zaidi kwenye meseji?

"Hivi kwa nini mtu wa Simba akinitania uso kwa uso nacheka, lakini akiniandikia maneno yale yale kwenye simu nanuna? Na aandikeje ili nicheke?"

Kinachopotea ni sauti. Anayeandika huisikia sauti yake kichwani, pamoja na kicheko na ule mkono anaouweka begani mwa rafiki yake. Anayesoma anapata herufi tupu. Mwaka 2005 watafiti wa Kimarekani walichapisha jaribio ambalo watu walitumiana sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, halafu mpokeaji akatakiwa kubaini ipi ni ipi. Waliotuma walitegemea kueleweka kwa takriban asilimia 78. Kwa sauti walieleweka kwa asilimia 73 hivi, lakini kwa maandishi ikawa 56 tu, na ukirusha sarafu unapata 50. Washiriki walikuwa wanafunzi wa chuo huko Marekani, si wapenzi wa Yanga wa Ngamiani, kwa hiyo namba zenyewe zisibebwe kama zilivyo. Cha kuangalia ni pengo: mwandishi ana uhakika mkubwa kuliko anavyostahili.

Hapa Tanga ukimwambia mtu kwamba meseji yake imeumiza, atakujibu haraka: "Utani hauna kununa." Ni kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Utani wa makabila, wa babu na wajukuu, na wa mtu na shemeji zake umeandikwa sana na wataalamu. Mmoja wa waliouandika mapema, miaka ya 1940, ni R. E. Moreau, aliyekuwa akiishi Amani, kule juu ya Muheza, na kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza ndege. (Aliyezoea kusikiliza ndege wakijibizana pengine hakuona ajabu kuhamia kwa watani.) Wataalamu hao wanakubaliana kwamba mtaniwa hatakiwi kukasirika. Lakini ruhusa hiyo haikutolewa bure. Kwanza, ni ya pande zote mbili: ukinitania leo, kesho nakutania na wewe unanyamaza. Pili, ina kazi zake. Mtani ndiye anayefika msibani, akazuia jeneza hadi apewe chochote, akawachekesha wafiwa, kisha akashika jembe kama wengine. Anayechukua kejeli za mtani akaacha jembe lake hajatania, amekejeli tu. Tena utani wa kabila mtu huzaliwa nao, ilhali wa Simba na Yanga tumeupata kwa kuchagua jezi. Hakuna mzee aliyetukalisha akatueleza mipaka. Mipaka inabidi iwe ndani ya meseji yenyewe.

Inawekwaje? Waliokulia kwenye ushairi watakumbuka malumbano. Mshairi anapomrushia mwenzake ubeti, anampa pia vina na mizani za kujibia. Anaweza kumwita mjinga ubeti mzima, lakini kwa kuufunga kwa vina hivyo ameshamwandalia kiti, na watu wanasubiri jibu. Ubeti usiojibika haumalizi malumbano kwa ushindi, unayaua. Meseji ya utani nayo iko hivyo hivyo: iwe na mahali pa kushikia, mpokeaji apate kamba ya kuvutia upande wake. "Timu yenu mbovu" haijibiki. Mtu atasema nini, kwamba si mbovu?

Chukua mechi ya hapa hapa. Tarehe 13 Agosti 2023, fainali ya Ngao ya Jamii ilichezwa Mkwakwani. Simba na Yanga wakamaliza bila kufungana, Simba wakashinda kwa penalti 3 kwa 1, na kipa wao Ally Salim akadaka penalti tatu. Tuseme mtu wa Simba anamwandikia rafiki yake wa Yanga anayekaa Chumbageni:

"Mtani, pole sana. Dakika 90 tulishindwa kuwafunga, nakiri. Lakini zile penalti, nani aliwaambia Ally anasalimiwa kwa mpira? Njoo jioni kwa muuza kahawa, kahawa juu yangu. Uje na maelezo ya maandishi."

Tazama alichokifanya. Lawama iko kwa wapigaji penalti, na rafiki yake yuko salama, anaweza hata kujiunga kuwalaumu. Ukweli unaomfaa mpinzani umetangulia: hatukuwafunga. Chumvi imezidi makusudi, maana hakuna anayedai maelezo ya maandishi kwa ajili ya penalti, na kuzidi huko ndiko kunakoziba nafasi ya kicheko kisichosikika. Emoji husaidia kidogo, ila siku hizi watu huiweka hata kwenye tusi, kwa hiyo si ya kutegemewa peke yake. Na kuna kahawa. Kahawa ndiyo jembe la mtani.

Jibu linaweza kuwa: "Mtani, mmechukua ngao, vita bado. Kahawa naja, na kashata mbili. Maelezo utayapata kwenye ligi."

Yakapatikana. Tarehe 5 Novemba 2023, Dar es Salaam, Yanga wakashinda 5 kwa 1, na nchi nzima ikanyoosha vidole vitano. Hapo yule wa Chumbageni ana kazi ngumu kuliko ya mwenzake wa Agosti. Penalti ni za kucheka, mabao matano ni fedheha, na kadiri kipigo kinavyokuwa kikubwa ndivyo maneno yanavyotakiwa kupungua. Akiandika "Mtani, yale maelezo niliyokuahidi yametoka kurasa tano. Utayasoma ukiwa tayari, haraka haina," ametosheleza. Hakutaja bao hata moja. Kurasa tano zinajieleza, na mwenziwe ana kauli ya kujibu: "Nimesoma ule mmoja wetu tu, umeandikwa vizuri."

Aliyeshindwa naye anaweza kuanza, na mara nyingi hilo humpunguzia mashambulizi. "Hongera mtani. Leo nimezima simu, hii meseji imejituma yenyewe." Mtu akishajicheka, anayetaka kumcheka hana pa kuanzia.

Kuna mahali ambapo ufundi wote huu haufui dafu. Kama rafiki yako alikuwa na mkeka na mkeka ukachanika, hakupoteza mechi tu, pengine amepoteza kodi ya chumba, na wewe huwezi kulijua hilo kwa kuangalia matokeo. Kama ana msiba wa kweli nyumbani, zile tanzia za kubuni zinazosambazwa baada ya kila mechi, "tunasikitika kutangaza kifo cha Mnyama", zitamfika vibaya. Na meseji ile ile iliyomchekesha faraghani inaweza kumchoma kwenye kundi lenye wakwe au bosi wake, kwa kuwa huko anajibu mbele ya watu ambao si watani wake.

Kujua kama imefika vizuri si kazi. Akikurudishia tusi kubwa kuliko lako, yuko sawa. Akicheka na kubadili mada, yuko sawa kiasi. Akijibu "sawa" peke yake, au "hongereni" yenye nukta mwishoni kutoka kwa mtu asiyeweka nukta maishani, basi imegonga pabaya. Usitume nyingine kufafanua mzaha, maana nayo itasomwa bila sauti. Mpigie, au ukiona hapokei, mtumie ujumbe wa sauti, na uanze na habari za nyumbani kabla ya mpira.