Nukta ya kwenye kioo inapimwa kutoka katikati ya mabamba

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Wete niliwapa suali moja la mrija wa kathodi, nikarudi nyumbani na madaftari yenye majibu matatu tofauti. Mmoja kaandika milimita 1, mwengine sentimita 3, wa tatu sentimita 1. Wote wameanza na kanuni sahihi. Nimeona niandike hapa wapi waliachana njia, maana makosa haya mawili nimekuwa nikiyasahihisha miaka yote niliyosomesha.

Suali lenyewe nimelitoa kwenye mrija wa maabara, nikapima mwenyewe. Elektroni inatoka kathodi, inavutwa na volti 2000 hadi anodi, inapenya tundu la anodi na kuingia baina ya mabamba mawili yaliyolala sambamba, moja juu na moja chini. Mabamba yana urefu wa sentimita 4 na yameachana kwa sentimita 1. Baina yao kuna volti 50. Kutoka mwisho wa mabamba hadi kwenye kioo ni sentimita 18. Je, nukta ya mwanga itapanda kiasi gani kutoka katikati ya kioo?

Tuanze na kasi. Nishati yote ambayo elektroni imepewa na volti V inageuka kuwa nishati ya mwendo: eV = ½mv², ambapo e ni chaji ya elektroni, m masi yake na v kasi yake. Kwa volti 2000 inapatikana kasi ya karibu mita milioni 26.5 kwa sekunde, kama asilimia 9 ya kasi ya mwanga. Hapo hesabu za Newton bado zinatosha.

Sasa imeingia baina ya mabamba. Hapa ndipo pa kutulia. Umeme wa mabamba unavuta juu tu, hauvuti mbele wala nyuma, kwa hiyo ile kasi ya mbele haiguswi. Elektroni inapita zile sentimita 4 kwa nanosekunde 1.5 hivi, na muda wote huo inaongeza kasi ya kwenda juu. Tukiita volti ya mabamba U, urefu wake L na nafasi baina yao d, kiasi ilichopanda inapotoka ni y = eUL²/(2mdv²). Lakini mv² tunaijua, ni 2eV. Ukiiweka, e inakatana na e, m inaondoka, unabaki na

y = UL²/(4dV)

Kwa namba zetu ni 50 × 16 kugawanya kwa 4 × 1 × 2000, yaani sentimita 0.1. Ndiyo milimita 1 ya mwanafunzi wa kwanza. Hakukosea hesabu, alisimama njiani. Hapo elektroni ndiyo kwanza inatoka kwenye mabamba, kioo bado kiko mbali.

Wa pili alijua kwamba kioo kiko mbele, akachukua kanuni ile ile na mahali pa sentimita 4 akaweka 22. Jibu lake likawa sentimita 3. Kwa kufanya hivyo ameyarefusha mabamba mpaka kwenye kioo. Ile njia iliyopinda ipo ndani ya mabamba tu. Ikishatoka, hakuna tena cha kuivuta, inakwenda moja kwa moja kwa mwelekeo ule iliotoka nao.

Mwelekeo huo ni kasi ya juu kugawanya kwa kasi ya mbele, na ukifanya hesabu unapata UL/(2dV), kwetu 0.05. Maana yake, kila sentimita inayokwenda mbele inapanda nusu milimita. Kwa sentimita 18 itapanda sentimita 0.9. Ongeza ile 0.1 ya ndani ya mabamba, jumla sentimita 1.

Nilipokuwa nikichora hayo ubaoni kwa chaki, mwanafunzi mmoja wa kike akainuka na rula yake. Akailaza juu ya mstari ulionyooka, akaurudisha nyuma kupita ule mpindo, mpaka ukakata mstari wa katikati. "Maalim, mbona umeangukia katikati ya mabamba?" Umeangukia hapo hasa, sentimita 2 kutoka mwanzo, na si bahati ya mchoro wangu. Ndani ya mabamba kasi ya juu inaanza na sifuri na kukua sawasawa, kwa hiyo wastani wake ni nusu ya kasi ya mwisho. Kupanda kwa nusu kasi katika urefu mzima ni sawa na kupanda kwa kasi kamili katika nusu ya urefu. Kioo kinaiona elektroni kana kwamba imekwenda sawa mpaka katikati ya mabamba, ikakata kona mara moja. Basi pima S kutoka katikati ya mabamba hadi kioo, kwetu sentimita 20, na uandike

Y = ULS/(2dV)

0.05 mara 20, sentimita 1. Kwa mstari mmoja umemaliza.

Angalia tena kwamba e na m hazimo. Protoni iliyovutwa kwa volti 2000, ikapita mabamba hayo hayo yaliyogeuzwa nguzo, ingepiga pale pale, ingawa ni nzito mara 1836. Kwa hiyo mabamba peke yake hayawezi kukwambia uzito wa elektroni. J. J. Thomson mwaka 1897 alihitaji sumaku pamoja na mabamba ili kupata uwiano wa chaji na masi.

Na kanuni ina mpaka wake. Katikati hadi bamba ni nusu sentimita tu. Ukifikisha volti 250, y inakuwa sentimita 0.5, elektroni zinagonga ukingo wa bamba na nukta inatoweka. Daftari linaweza kuendelea kuhesabu, mrija hauwezi.

Baadaye tuliuwasha mrija wenyewe. Kabla hatujaweka volti yoyote kwenye mabamba, nukta ilikuwa imekaa milimita 3 juu ya katikati. Wengine walidhani ni uzito wa elektroni, lakini uzito ungeishusha, na katika safari ya nanosekunde 8 ingeshuka chini ya upana wa kiini cha atomu. Ni sumaku ya dunia. Ukiichukua kuwa tesla 0.00003, na ikiukata mrija kwa pembe mraba, inahamisha elektroni za volti 2000 karibu milimita 5 ndani ya sentimita 22. Tuliuzungusha mrija juu ya meza taratibu, na nukta ikateremka mbele ya macho yetu.

Dawa yake ni kupima mara mbili. Tuliurudisha mrija ulipokuwa mwanzo, bila kuusogeza tena, tukaweka volti 50, nukta ikawa milimita 14 juu ya katikati. Tukazima, tukasubiri kapasita zimalize chaji, maana volti 2000 hazichezewi, tukabadilisha nyaya za mabamba. Safari hii milimita 8 chini. Kutoka nukta hadi nukta ni milimita 22, nusu yake 11, na mchango wa sumaku ya dunia umejifuta. Milimita 1 iliyozidi inatoka kwenye kingo: umeme hauishii pale bamba linapoishia, unafura nje kidogo mbele na nyuma, na elektroni inahisi mabamba ya kama sentimita 4.4 badala ya 4.