Kupunguza majigambo kwenye "Kuhusu Sisi" bila kufuta dai la kweli

Mama mmoja anayefungasha asali hapa Tabora aliniletea ukurasa wake wa "Kuhusu Sisi" akilalamika kwamba wanunuzi wa Dar wanausoma, kisha wanapiga simu kumuuliza mambo ambayo anadhani ameshayaandika. Ulianza hivi:

"Sisi ndio kampuni namba moja kwa asali bora Tanzania. Tunajivunia uzoefu wa miaka 11, timu ya wataalamu waliobobea, na asali ya viwango vya kimataifa isiyo na kemikali yoyote."

Kabla ya kugusa sentensi yoyote, nilifungua daftari tukaandika kila dai kwenye mstari wake. Yalikuwa matano. Kwa kila mstari nilimuuliza: "Mama, hili umelijuaje?"

Kwenye "viwango vya kimataifa" aliinuka, akarudi na kifaa kidogo cha kupimia maji kwenye asali. Anaweka tone moja kwenye kioo chake, anaangalia kwenye mwanga, anasoma namba. Ikizidi 20, yaani asilimia 20 ya maji, ndoo inarudi kwa mwenyewe, kwa sababu asali yenye maji mengi huchacha. Kikomo hicho cha asilimia 20 ndicho kilichomo kwenye kiwango cha kimataifa cha asali cha Codex. Kumbe dai lilikuwa na msingi, ila lilifunikwa na maneno ambayo kila muuza asali anayo. Tukaandika kipimo chenyewe.

"Wataalamu waliobobea" walikuwa watu watatu, na mmoja wao amesoma Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo hapahapa Tabora. Huyo tukamtaja kwa kazi anayofanya. Miaka 11 tukaigeuza kuwa mwaka wa kuanza, 2014, maana hesabu ya miaka huchakaa kila Januari na hakuna anayekumbuka kuibadilisha.

"Isiyo na kemikali yoyote" ndilo pekee lililoondoka. Asali yake haijawahi kupimwa maabara kwa ajili hiyo, na mkoa wetu ni wa tumbaku, zao linalopuliziwa dawa. Alichokijua kwa hakika ni mahali mizinga ilipotundikwa: ndani ya msitu wa miombo, Sikonge. Hicho kikabaki.

Kwenye "namba moja" nilikosea mimi. Nililifuta lote. Alipoisoma rasimu yangu akaniambia, "Mwanangu, cheti changu kiko wapi?" Alikuwa nacho kweli, cha nafasi ya kwanza kwa wasindikaji wadogo wa asali kwenye maonyesho ya mkoa, 2022. Alikuwa amekikuza hadi kikawa Tanzania nzima, nami nikakipunguza hadi kikapotea. Yote mawili ni kupotosha. Dai la ushindi likiandikwa pamoja na mwaka wake, mahali pake na kundi lake, halisikiki kama majigambo, kwa kuwa msomaji anaona lilipoanzia na lilipoishia. Kuliandika kwa woga, "tunajitahidi kuwa miongoni mwa wazuri", kungekuwa kumnyima haki yake.

Baada ya ukweli ndipo nikagusa lugha. Kiswahili kina majigambo yanayojificha kwenye vitu vidogo. "Sisi ndio tunanunua asali Sikonge" maana yake wengine hawanunui. Ukitoa "sisi ndio", ukaacha "tunanunua asali Sikonge", dai ni lilelile na jirani hajaguswa. Kitu kingine ni ile "tu-" mwanzoni mwa kila sentensi: tunajivunia, tunaongoza, tunatoa. Zikifuatana tatu, msomaji anasikia mtu anajipiga kifua hata kama kila neno ni kweli. Dawa yake ni kuiacha asali, ndoo au mtu mwingine aongoze sentensi. Na "tunafanya uchujaji wa asali" ni sauti ya ofisini. Mama huyu akiongea anasema "tunachuja".

Tulichobaki nacho:

"Asali yetu inatoka kwenye mizinga iliyotundikwa katika msitu wa miombo, Sikonge. Tulianza kuinunua mwaka 2014. Kila ndoo hupimwa maji kabla ya kupokelewa, na inayozidi asilimia 20 hurudishwa. Anayesimamia upimaji na uchujaji ni mwenzetu aliyesoma Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora. Mwaka 2022 asali hii ilishika nafasi ya kwanza kwa wasindikaji wadogo kwenye maonyesho ya mkoa."

Nikarudi kwenye daftari na kalamu, nikaweka alama mstari kwa mstari: manne yamo, moja limekatwa na sababu yake imeandikwa pembeni. Kisha nikamwomba aisome kwa sauti mbele ya yule kijana anayepima. Alikwama sehemu moja tu, kwenye "hupimwa". Akasema yeye husema "tunaipima". Tukaandika hivyo, kwani hiyo "tu-" haikuwa mwanzoni mwa sentensi na ilikuwa sauti yake mwenyewe.