Tukiiita 0.06 mwelekeo, tunamwambia msomaji nini?

Daktari mmoja ninayeandika naye makala alinirudishia mswada akiwa amegusa sentensi moja tu. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba tofauti ya presha kati ya makundi yetu mawili, wagonjwa waliopokea ujumbe wa kukumbushwa dawa na wasiopokea, ilikuwa milimita 4 za zebaki, p = 0.06; yaani kama ujumbe hausaidii kabisa, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingetokea kwa bahati tu mara 6 katika 100. Yeye aliifuta sentensi yangu akaandika: "Kulikuwa na mwelekeo muhimu kitakwimu wa kushuka kwa presha." Pembeni akaongeza: "Mwenzangu, 0.06 na 0.05 zina tofauti gani? Tusijinyime." Nilimjibu kwa barua ndefu, naye ameniruhusu kuiweka hapa. Nimebadilisha maelezo kadhaa ili utafiti usitambulike, lakini hesabu zinafuatana na unaweza kuzikagua mwenyewe.

Daktari, habari za kazi.

Nianze pale tunapokubaliana. 0.05, mpaka ambao p ikiwa chini yake matokeo huitwa "muhimu kitakwimu", si sheria ya maumbile. Mwanatakwimu Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1925, aliichukua nafasi moja kati ya 20 kuwa mpaka kwa sababu ilikuwa rahisi kuitumia. Hakuna kinachobadilika mwilini mwa mgonjwa p ikitoka 0.051 kwenda 0.049. Kwa hiyo ukiniambia mpaka huu umewekwa na watu, niko nawe. Ila hoja hiyo inatutaka tuliache neno "muhimu kitakwimu", haituruhusu kulivuta mpaka liyafunike matokeo tunayoyapenda. Tazama jedwali letu la 3. Idadi ya dozi zilizorukwa ina p = 0.044, na hakuna kati yetu aliyependekeza tuandike kwamba matokeo hayo "yanaelekea kupoteza umuhimu". Tuliyaita muhimu tukaendelea. Ukweli ni kwamba 0.044 na 0.06 zinabeba ushahidi wa nguvu karibu sawa, na matokeo yote mawili yanastahili maneno ya tahadhari ileile.

Sasa neno lenyewe, mwelekeo. Katika fani yetu lina kazi yake: unakuwa na dozi ndogo, ya kati na kubwa, au vipimo vya mwezi wa 1, wa 3 na wa 6, unauliza kama matokeo yanapanda au kushuka kwa mpangilio huo. Vipo vipimo vilivyotengenezwa kwa swali hilo, kama kile cha Cochran na Armitage. Sisi tuna makundi mawili, waliopokea ujumbe wa kukumbushwa dawa na wasiopokea, yaliyolinganishwa mara moja tu, wiki ya 12. Hapo kuna tofauti, hakuna mwelekeo.

Najua hukulikusudia kwa maana hiyo. Ulikusudia kwamba p iko njiani kuelekea 0.05, na kwamba wagonjwa wangeongezeka kidogo tu ingefika. Hilo ndilo ninaloomba tukae nalo, kwa sababu linaweza kupigiwa hesabu.

Tulikuwa na wagonjwa 100 kila kundi. Presha ya juu ilitawanyika kwa mkengeuko sanifu wa 15 katika kila kundi, na tofauti ya wastani ilikuwa 4. Kosa sanifu la tofauti hiyo, yaani kiasi ambacho ingeyumba kama tungerudia utafiti huu mara nyingi na watu wengine, ni 2.12. Katika programu ya R:

```
se <- 15 * sqrt(2/100)
2 * pt(-4/se, df = 198)
```

Jibu ni 0.061. Sasa tuchukulie tunaongeza wagonjwa 20 kila kundi, wafike 120. Kosa sanifu linapungua hadi 1.94. Ili p ibaki palepale ilipo, tofauti ya jumla inapaswa kuwa 3.65, na kwa kuwa wale 100 wa mwanzo tayari wametoa 4, wageni 20 wanatakiwa wao wenyewe kutoa tofauti ya angalau 1.9. Wakitoa chini ya hapo, p inapanda, na tunasogea mbali na 0.05.

Je, watatoa 1.9? Inategemea ukweli ambao hatuujui. Kundi la watu 20 linayumba sana: kosa sanifu la tofauti yao peke yao ni 4.7, zaidi ya tofauti nzima tunayoibishania. Kama ujumbe hausaidii kabisa, kuna uwezekano wa karibu asilimia 66 kwamba p itapanda. Kama unashusha presha kwa 2, ni nusu kwa nusu, sawa na kurusha sarafu. Hata tukijipendelea, tukasema makadirio yetu ya 4 ndiyo kitovu cha yote yanayowezekana na tukaruhusu tu kutojua kunakotokana na ukubwa wa sampuli, bado kuna asilimia 34 ya p kupanda. Mara moja katika kila tatu, wagonjwa zaidi wangetupeleka upande usioutaka. Kitu chenye tabia hiyo hakiko njiani kwenda popote. p ni namba iliyotoka kwenye data hizi, imesimama; mwendo tunauongeza sisi kwa maneno.

Najua kinachokuuma, na kinaniuma hata mimi. Protokali yetu ilipanga wagonjwa 142 kila kundi, ili tuwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua tofauti ya milimita 5 kama ipo. Uandikishaji ulisimama tulipofika 100. Kwa idadi hiyo, nafasi yetu ilishuka hadi kama asilimia 65. Yaani hata kama ujumbe ulifanya kazi sawasawa na tulivyotarajia, zaidi ya mara moja kati ya tatu tungekosa kuvuka 0.05. Hiyo ni hadithi ya kweli ya utafiti wetu, na inamsaidia msomaji kuliko neno mwelekeo. Iandikwe wazi katika sehemu ya upungufu: tulipanga 142, tulipata 100, na hii ndiyo gharama yake.

Ulinigusia njia mbili za kutoka, nizijibu kabla hatujakutana. Ya kwanza ni kupima upande mmoja tu, kwa kuwa "ujumbe hauwezi kupandisha presha". Hesabu ingetupa 0.03. Lakini protokali tuliyoisajili inasema pande mbili, na tumeshaiona data. Anayechagua upande baada ya kuona tofauti imeangukia wapi amejipa mpaka wa 0.10 huku akiuita 0.05. Ya pili ni kuandikisha 20 zaidi kisha tupime tena. Tatizo si hao 20, tatizo ni kwamba tungewatafuta kwa sababu p ilikuwa 0.06; ingekuwa 0.04 tungeacha. Kila unapochungulia data ukiwa tayari kusimama ikikupendeza, unajipa nafasi nyingine ya kudanganywa na bahati. Ukichungulia mara tano kwa vipindi sawa ukitumia 0.05 kila mara, nafasi ya kutangaza tofauti isiyokuwepo inafika kama asilimia 14. Kuna mbinu halali za kupima katikati ya utafiti, lakini mpaka wake hugawanywa kabla, si baada. Tukitaka wagonjwa zaidi, na mimi nataka, tuanzishe utafiti mpya wenye protokali yake, kisha tuunganishe makadirio ya tafiti zote mbili, tukieleza pia kwamba wa pili ulizaliwa na matokeo ya wa kwanza.

Sasa, usije ukadhani nataka tuandike kwamba ujumbe hausaidii. Hilo lingekuwa kosa kubwa kuliko lako. Tazama masafa ya uhakika ya asilimia 95: kutoka −0.2 hadi 8.2. Ndani yake mna sifuri, ukingoni kabisa, lakini mna pia 5, ile tofauti tuliyoiona ina maana kwa mgonjwa tulipopanga utafiti. Mna hata 8, ambayo kliniki yoyote ingeifurahia. Data zetu hazipingani na manufaa makubwa, wala hazipingani na manufaa madogo yasiyo na maana kwa mgonjwa, wala na kutokuwepo kwa manufaa yoyote. Mtu akisoma "hakuna tofauti" ataondoka na jambo ambalo hatukulipata. Akisoma "mwelekeo muhimu" ataondoka na jambo lingine ambalo pia hatukulipata. Nimewahi kuona sentensi ya aina hiyo ikitoka kwenye ikisiri ya makala moja, ikanukuliwa katika makala ya pili bila neno mwelekeo, na katika ya tatu ikawa "imeonyeshwa kwamba". Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Kila mmoja alipunguza neno moja.

Na kuna msomaji mmoja ninayemfikiria kuliko wote: yule atakayekusanya tafiti zote za ujumbe wa kukumbusha dawa na kuziunganisha. Huyo hatumii vivumishi vyetu. Atachukua 4.0, atakokotoa kosa sanifu kutoka kwenye masafa yetu, na wagonjwa wetu 200 wataingia katika jibu kubwa kwa uzito wao halisi. Kwake, matokeo yetu hayakushindwa. Kinachoweza kumkwamisha ni sisi kuandika "mwelekeo (p = 0.06)" kisha tuache namba zenyewe nje ya ikisiri, kama mswada wako ulivyofanya.

Kwa hiyo sentensi ninayopendekeza ni hii: "Katika wiki ya 12, presha ya juu ilikuwa chini kwa wastani wa milimita 4.0 za zebaki katika kundi lililopokea ujumbe (masafa ya uhakika ya asilimia 95: −0.2 hadi 8.2; p = 0.06). Matokeo haya yanaafikiana na manufaa ya kiwango tulichokitarajia, lakini pia na kutokuwepo kwa manufaa. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo kuliko iliyopangwa." Iingie katika ikisiri na katika matokeo, neno kwa neno. Zile dozi zilizorukwa nazo zipewe masafa yake, na neno "muhimu" litoke kote katika mswada, pamoja na pale linapotupendelea.

Kichwa cha makala nacho kinasema ujumbe "unashusha" presha. Naomba kisomeke "Athari ya ujumbe wa kukumbusha dawa kwa presha". Nimeshaisahihisha nakala iliyo kwenye folda yetu, na mabadiliko yote yanaonekana kwa rangi ili uyapitie moja moja kabla hatujaituma.