Ubavu unauma kwa mawimbi na mkojo una damu: je, ni jiwe la figo?

Swali: Daktari, mimi ni dereva wa daladala, nina miaka 34. Tangu usiku ubavu wa kushoto unauma vibaya, unaachia, kisha unarudi. Asubuhi mkojo umetoka kama chai ya rangi. Jirani anasema ni kichocho.

Jibu: Yaelekea ni jiwe lililotoka kwenye figo ya kushoto na kunasa katika mrija mwembamba unaopeleka mkojo kibofuni. Mrija hujikaza kulisukuma, na mkojo uliokwama juu yake huitanua figo. Ndiyo maana maumivu hupanda na kushuka. Jiwe likiteremka, maumivu huhamia kwenye kinena, hata kwenye korodani. Mgonjwa hapati mkao: akilala anainuka, akikaa anasimama. Damu inatokana na mikwaruzo ya jiwe. Kichocho cha mkojo kwa kawaida huleta damu mwishoni mwa kukojoa, pamoja na kuwashwa njia ya mkojo, bila mawimbi haya ya ubavuni. Hata hivyo nenda leo upimwe mkojo na ufanyiwe ultrasaundi.

Swali: Nikinywa maji mengi sasa hivi, si yatalisukuma litoke?

Jibu: Hapana, na hili nalisisitiza kwa sababu watu wanajitesa bure. Njia ikiwa imeziba, maji ya kujilazimisha hayaliharakishi jiwe, na huenda yakaongeza maumivu na kutapika. Kunywa kadiri ya kiu. Kinachosaidia sasa ni dawa ya maumivu, mara nyingi diklofenaki, ila usijinunulie kama una vidonda vya tumbo au figo zako zina matatizo.

Maji yana kazi kubwa baadaye, kuzuia jiwe la pili. Lengo ni kutoa mkojo wa lita 2.5 kwa siku. Kwa dereva anayeshinda kwenye joto, hiyo ni lita 3 au zaidi za kunywa. Najua madereva wengi hawanywi ili wasitafute choo njiani. Mkojo unakuwa mzito, na chumvichumvi zilizomo zinagandamana. Angalia rangi: ukiwa wa njano iliyokolea, bado hujanywa vya kutosha. Punguza chumvi pia, lakini maziwa usiyaache, kwani kalisi ya chakulani hukamata tumboni oksaleti, kemikali ya vyakula inayojenga mawe mengi, kabla haijafika kwenye figo.

Swali: Naweza kusubiri litoke lenyewe?

Jibu: Kama vipimo vinaonyesha ni dogo, chini ya milimita 5, mengi hutoka yenyewe ndani ya wiki chache. Kojolea kwenye chujio, na likitoka lilete tulipime tujue ni la aina gani. Lililozidi milimita 10 mara chache hutoka bila msaada wa daktari.

Ila ukipata homa au kutetemeka kwa baridi, usisubiri hata asubuhi ifike. Mkojo uliokwama ukiingia vijidudu, sumu husambaa kwenye damu kwa saa chache, na figo huhitaji kufunguliwa njia haraka. Kimbilia hospitali vilevile mkojo ukikatika kabisa, ukitapika bila kukoma, au kama una figo moja tu.