Mswaki wa mti na chumvi havitibu fizi zilizougua

“Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki. Nikisukutua kwa maji ya chumvi na kutumia mswaki wa mti, si zitapona zenyewe?”

Inategemea kilichopo kwenye meno, kando ya fizi. Ukoga laini wa jana, mswaki wa mti unautoa vizuri: tafuna ncha mpaka nyuzi zilainike, sugua taratibu kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, kata nyuzi zikichakaa. Lakini haufiki katikati ya meno, na wengi husahau upande wa ndani wa magego. Ukisugua kwa nguvu, ufizi hurudi nyuma na mzizi wa jino hubaki wazi.

Ukoga ulioachwa hugeuka ugaga, mgumu kama jiwe. Hapo chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, itapunguza maumivu na uvimbe kwa muda tu, ugaga haiuyeyushi. Maji ya majani ya maramia, mmea wa dawa, nayo ni vivyo hivyo. Ugaga hukwanguliwa na daktari wa meno.

Damu ikiendelea wiki mbili ingawa unasafisha vizuri, nenda. Usaha ukitoka au jino likicheza, usisubiri hata hizo wiki mbili.