Desibeli 6 hazizuii kuchelewa

Juzi Chang'ombe kijana mmoja kanipa karatasi ya logi. "Shikamoo mzee. Akiba ya geini imepita desibeli 6, meza iko salama." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na safari hii meza yenyewe ilikuwa nyuma yake, kila ikisogezwa inayumba kwenda na kurudi, duru moja kwa sekunde moja na nusu hivi.

Tuichore kwa mchoro wa Bode, kwa mistari iliyonyooka inayokadiria geini na fezi. Mota inasogeza meza ya kufungashia, mrejesho ni wa nafasi:

```
G(s) = 10 / (s(1 + s/2)(1 + s/20))
```

Kwenye masafa ya radiani 1 kwa sekunde mstari wa geini uko desibeli 20, unashuka 20 kwa dekadi. Ukifika kona ya 2, pale mstari unapovunjika, uko 14, mteremko unakuwa 40, na unakata sifuri karibu na radiani 4.5 kwa sekunde. Fezi inaanzia nyuzi -90. Kila kona inaishusha kuanzia dekadi moja kabla yake hadi dekadi moja baada yake, nyuzi 90 kwa jumla. Inafika -180 kwenye 6.3.

Akiba ya geini husomwa pale fezi inapofika -180: desibeli 6 kwa mistari, 6.8 kwa hesabu kamili. Akiba ya fezi husomwa pale geini inapokata sifuri: nyuzi 13.6 juu ya -180. Kijana alisoma ya kwanza, akafunga daftari.

Hizo 6.8 zinajibu swali moja tu: geini ikizidishwa mara 2.2, meza haitatulia tena. Kuhusu kuchelewa hazisemi kitu! Kuchelewa hakugusi mstari wa geini hata kidogo. Kunaivuta fezi chini, na masafa yakipanda kunaivuta zaidi. Nyuzi 13.6 ni radiani 0.237. Gawanya kwa 4.2, masafa halisi ya kukata sifuri, unapata milisekunde 56. Nafasi ya meza ile inasomwa kupitia mtandao wa kiwanda. Mtandao ukichelewa milisekunde 60, myumbo unakua badala ya kufa, na akiba yake ya geini anayoitegemea imekwisha bila mtu kugusa geini.

Nakiri jambo moja: mistari ya fezi nayo ilitupa karibu hizo hizo, nyuzi 13.5, lakini kwa bahati. Kwenye kona ya 2 ilikosea nyuzi 5 upande mmoja, kwenye kona ya 20 nyuzi 3 upande wa pili, na masafa ya kukata yalisomeka juu kuliko halisi. Makosa yakafutana. Mfumo mwingine hautakufanyia hivyo, kwa hiyo ukikuta akiba ndogo namna hii, piga hesabu kamili.

Tulishusha geini kutoka 10 hadi 3. Masafa ya kukata yakawa 2.1, akiba ya fezi nyuzi 38, na sasa meza inavumilia kuchelewa kwa sekunde 0.3 hivi. Inasogea taratibu zaidi. Bado sijaridhika: wakipakia mzigo mzito, kona ya 2 itashuka, na nyuzi 38 zitashuka nayo. Wiki ijayo tunapima meza ikiwa imejaa.